Chakula kinamkwama baba, aendelee na dawa za asidi?

"Baba ana miaka 61, tangu Ramadhani chakula kinamkwama kifuani. Kameza omeprazoli wiki sita, kiungulia kimepungua lakini bado kinakwama. Tumwongezee dozi?"

Usiongeze dozi, ndugu yangu. Mpelekeni wiki hii akapimwe endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni. Omeprazoli hupunguza asidi tu, haifungui njia iliyoziba. Hata hiyo nafuu ya kiungulia inaweza kuwapotosha, maana maumivu hutulia huku uvimbe, kama upo, ukiendelea kukua.

Muulize vizuri ni nini kilianza kukwama. Nilimhudumia mzee mmoja aliyeanza kwa kushindwa nyama, baada ya wiki chache ugali ukawa haupiti bila maji, kisha akabaki na uji. Mkanda ulikuwa umerudi matundu mawili, na nyumbani walidhani ni vidonda vya tumbo. Ilikuwa saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwendo huo wa kutoka vigumu kwenda laini ndio unaonitisha zaidi, kwa sababu umio hutanuka, na chakula kikianza kukwama sehemu kubwa ya njia imeshazibwa. Kupungua uzito, sauti kukwaruza, kukohoa akinywa maji au upungufu wa damu vinaongeza uzito wa jambo.

Endoskopi huona ndani na kuchukua kinyama cha kupima maabara. Isipopatikana karibu, picha ya eksirei baada ya kunywa dawa ya bariamu inayoonekana kwenye picha huonyesha palipobana, ila haitoi kinyama.

Akishindwa kumeza hata mate, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.