Umebakisha 67: kishale cha kwanza kiende wapi?

Wadogo zangu mliojiunga na timu yetu ya vishale hapa Malaba mwezi huu, nimewatazama jioni nne mfululizo. Mkono mnao. Kutoka alama 501 za kuanzia mnashuka vizuri, wengine mnanishinda hata mimi niliyeanza kurusha kabla hamjafika mpakani. Tatizo linaanza ubao wa chaki ukionyesha namba ya chini ya mia. Hapo kila mmoja wenu anaendelea kulenga 20 kama kawaida, na mwenzake aliyekuwa nyuma anamaliza mbele yake.

Kwanza tukubaliane kuhusu dabo. Mchezo unaisha ukifika sifuri kamili, na kishale kinachokufikisha sifuri lazima kiwe ndani ya ule mkanda mwembamba wa nje unaohesabu namba mara mbili, yaani dabo, au katikati kabisa kwenye buli ya 50, ambayo inahesabiwa kuwa dabo ya 25. Mkanda huo una upana wa milimita 8, nawe umesimama mita 2.37 kutoka kwenye ubao. Ingekuwa singo, yaani sehemu ya kawaida ya kipande, inatosha, aliyebakisha 20 angekuwa na kipande kizima cha namba hiyo cha kulenga, na anayetangulia kushuka angeshinda karibu kila mara. Dabo inamlazimisha aliyetangulia athibitishe kwamba anaweza kuweka kishale mahali alipopataja. Ndiyo maana aliye nyuma bado ana nafasi mpaka mwisho.

Ukipita sifuri, au ukibakisha 1, au ukifika sifuri kwa singo, umeungua. Zamu yako inaishia hapo hapo, na hesabu inarudi pale ilipokuwa kabla hujarusha kishale cha kwanza. Kwa nini kubakisha 1 ni kuungua? Kwa sababu dabo ndogo kuliko zote ni ya 1, nayo ni alama 2. Hakuna dabo ya kumaliza 1.

Hilo nililijua kwa maneno tu, mpaka usiku mmoja tulipocheza na timu ya madereva waliokuwa wakisubiri karatasi zao. Nilibakisha 61 na vishale vitatu mkononi. Nikawaza: singo 20, nibaki na 41, kisha 9, kisha dabo 16. Nikalenga 20 bila kujali ni sehemu gani ya kipande. Kishale kikaingia trebo, ule mkanda mwembamba wa ndani unaohesabu namba mara tatu, alama 60. Nikabaki na 1. Mwandika alama akafuta, akarudisha 61, na mpinzani wangu akamaliza zamu iliyofuata. Mkono wangu haukukosea lolote usiku ule. Kosa lilikuwa katika namba niliyoichagua.

Tangu hapo nina mpaka mmoja ninaoushika, nao ni 60. Ukiwa na 60 au chini yake, unahitaji vishale viwili tu bila kutafuta trebo wala buli: singo moja ya kukuweka kwenye dabo, kisha dabo yenyewe. Hiyo 60 ni singo 20 na dabo 20. Ukizidi hapo hata kwa alama moja, vishale viwili vitakudai trebo, buli au dabo mbili. Kwa hiyo ukibakisha sitini na kitu ukiwa na vishale vitatu, kazi ya kishale cha kwanza ni kukushusha mpaka 60 au chini, hata kama kimekosea kidogo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo muhimu. Usiulize tu ukipiga ulipolenga itakuwaje. Uliza pia ukiteleza kwenda kwa jirani wa kushoto au wa kulia itakuwaje.

Tuchukue 67, maana juzi mmoja wenu aliibakisha akalenga 20. Singo 20 ingempa 47, na trebo ingempa 7, zote zinamalizika. Lakini majirani wa 20 ni 1 na 5. Kishale kilienda kwenye 1, akabaki na 66. Kingeenda kwenye 5 angebaki na 62. Pande zote mbili yuko juu ya mpaka, na vishale vimebaki viwili.

Wengi wanaojua kidogo watakwambia trebo 17 kisha dabo 8, na ni kweli, 51 na 16 ni 67. Singo 17 nayo inaacha 50, safi. Ila 17 imekaa kati ya 2 na 3, ukiteleza unabaki na 65 au 64.

Sasa tazama 9. Trebo yake ni 27, unabaki na 40, dabo 20, tena kwa vishale viwili. Ukipata singo 9 unabaki na 58: piga 18, umebaki na 40. Ukiteleza kwenye 12 unabaki na 55: piga 15, umebaki na 40. Ukiteleza kwenye 14 unabaki na 53: piga 13, 40 ile ile. Njia nne, na zote zinakupeleka dabo 20 ndani ya zamu moja. Mimi nilipoiona hii mara ya kwanza nilikaa chini na chaki nikaihesabu tena, kwa jinsi ilivyonipendeza.

Kuna jambo la pili, nalo ni dabo gani ujiachie pale unapoweza kuchagua. Ukikosa dabo kwa nje hupati alama yoyote, namba yako inabaki vile vile. Ukikosa kwa ndani, umepiga singo, na umekata nusu. Dabo 20 ikikatwa inakuwa 20, kisha 10, kisha 5, na hapo umepata namba witiri inayokudai kishale kimoja zaidi cha kuirekebisha. Dabo 16 ni 32, inakatwa 16, 8, 4, 2, haivunjiki mpaka mwisho. Ndiyo maana kwenye 48 napenda singo 16 kuliko singo 8. Inaniacha na 32, na nikiteleza kwenye 8, ambayo ni jirani yake, nabaki na 40. Upande wa pili kuna 7, inayoacha 41, kwa hiyo naegemea upande wa 8.

Haya yote myajue kichwani kabla hamjasimama kwenye mstari. Mwandika alama anaruhusiwa kukuambia umebakisha ngapi, lakini si kazi yake kukuelekeza upite wapi, na kwenye mechi hatufanyi hivyo.

Kwa mazoezi, anzeni na 61 mpande moja moja hadi 67. Kila namba kati ya hizo ina kipande ambacho singo yake, trebo yake na majirani wake wote wawili wanakushusha mpaka 60 au chini bila kukuunguza. Kwa ile 61 yangu kilikuwa 15: singo inaacha 46, trebo inaacha 16, jirani 10 anaacha 51, jirani 2 anaacha 59. Kuanzia 68 kwenda juu vipande vya namna hiyo vinakuwa adimu, tutazungumza siku nyingine. Itakayowasumbua ni 65, kwa sababu macho yatakimbilia 15, na 2 iliyo pembeni yake itawaacha na 63. Jaribuni 11.