Wakirimu kwa krimu: mchezo wa maneno wa Kiarabu unapokuja kwenye Kiswahili

Kazi yenyewe ilionekana ndogo: bango moja, tangazo la redio la sekunde 30, na maandishi ya pakiti. Kampuni ya maziwa ya Ghuba ilikuwa inaleta krimu ya kupikia katika soko letu la pwani kabla ya mwezi wa Ramadhani. Bango la Kiarabu lilikuwa na hilali, bakuli, na maneno mawili tu: "Ramadhan karim". Neno la pili lilikuwa limeandikwa kwa rangi na umbo lile lile la jina la pakiti.

Mwarabu akiliona bango hilo anatabasamu papo hapo. Kiarabu cha kawaida hakiandiki irabu fupi. Neno "karim", yaani karimu, linaandikwa kwa herufi nne: kaf, ra, ya, mim. Na "krim", yaani krimu, neno walilolipokea kutoka Ulaya, linaandikwa kwa herufi hizo hizo nne bila tofauti hata ya nukta. Salamu anayoijua tangu utotoni imegeuka jina la bidhaa bila mtu kugusa herufi.

Mimi nilianza kwa kutafsiri: "Ramadhani yenye ukarimu". Maana ilikuwemo, ila mchezo ulikuwa umekufa. Hapo ndipo nilipojifunza swali ambalo sasa ndilo naliuliza kwanza: mchezo huu unakaa wapi? Kuna unaokaa machoni, kuna unaokaa sikioni, na kuna unaokaa katika maana. Wataalamu wa balagha ya Kiarabu wana majina yao: jinasi ni maneno yanayofanana umbo au sauti huku maana zikitofautiana, na tawriya ni neno moja lenye maana ya karibu na ya mbali, msemaji akiwa anakusudia ile ya mbali. Ule wa krimu ulikuwa wa machoni. Dalili yake ni rahisi: mpe mtu asome kwa sauti. Msomaji wa Kiarabu analazimika kuchagua, "karim" au "krim", na akishachagua maana moja imekwenda. Ndiyo maana hata wao kwenye redio walikuwa na tangazo tofauti kabisa.

Kiswahili tunaandika kila irabu. Kwa hiyo mchezo wa machoni wa aina ile hauwezi kuvuka ukiwa vile vile, na anayeulazimisha atapoteza siku nzima. Lazima uhamie sikioni.

Swali la pili ni hili: maana ile ya pili inafanya kazi gani? Kama ni tabasamu tu, itupe, tafuta kina au fumbo letu, wala usione haya. Lakini kama maana ya pili ndiyo bidhaa yenyewe, zote mbili lazima zibaki. Hapa zilikuwa ukarimu na krimu. Jaribio langu la pili likawa "Ramadhani karimu, futari krimu". Lina kina, linatamkika, ila ni maneno mawili yaliyowekwa jirani. Hakuna lililogeuka kuwa jingine. Tena mzee mmoja niliyempa asome alinionya kuwa "Karimu" ni jina la Mwenyezi Mungu, na kwamba nikilisogeza karibu mno na krimu, kuna watakaokasirika. Katika salamu ya Kiarabu sifa hiyo imeshikamana na Ramadhani, basi imesalimika. Kwetu mtu akisikia "Karimu" peke yake, anamkumbuka Mola kwanza.

Jibu lilitoka jikoni kwa shangazi yangu. Alikuwa anamwambia binti yake, "Wakirimu wageni kwanza, sisi tutakula baadaye." Kukirimu! Kitenzi chetu, kimetoka katika mzizi ule ule wa kaf, ra, mim, nasi tunakitumia kila siku kwa mgeni. Na watu wengi wetu wakitamka "krimu" kwa utulivu huingiza irabu ndogo baada ya k, wakasema karibu sawa na "kirimu". Kaulimbiu ikajiandika: "Wakirimu kwa krimu." Ukarimu umo, bidhaa imo, na jina la Mungu halikuguswa. Bango na redio vikatumia maneno hayo hayo, jambo ambalo Kiarabu chenyewe hakikuliweza.

Sikupata bahati hiyo tena mara nyingi, nami sitaki ufikiri kwamba undugu wa Kiswahili na Kiarabu hutoa zawadi kila siku. Wakati mwingine undugu huo ndio mtego. Chukua "ain", ambayo kwa Kiarabu ni jicho na pia ni chemchemi. Mji wa Al Ain katika Falme za Kiarabu umepata jina kwenye maana hiyo ya pili. Sisi nasi tunasema jicho la maji, kwa hiyo kaulimbiu ya maji ya chupa inayocheza na neno hilo inaonekana kuvuka bila taabu. Sasa andika "maji yatokayo jichoni" umsomee mtu. Atakuambia ni machozi. Mwarabu chemchemi inamjia haraka kwa sababu neno hilo moja linatosha. Sisi bila kutaja "la maji" jicho linabaki la usoni. Kinyume chake "saa" inavuka salama, maana kwa wote wawili ni muda na ni chombo cha mkononi.

Kueleza kuna mahali pake, na mahali hapo si mbele ya mnunuzi. Naeleza ninapomwandikia mkubwa wa kampuni anayeidhinisha maneno asiyoyajua, au msomaji wa makala, au pale jina lisipoweza kubadilishwa. Mwaka 2008 kampuni ya simu ya Celtel iligeuka Zain katika Kenya, Tanzania na Uganda, hadi 2010 Airtel ilipochukua nafasi yake. Kwa Kiarabu cha Ghuba "zain" ni zuri, ni sawa, ni njema. Mtu akiulizwa hali hujibu hivyo. Wenye jamaa Maskati walilijua. Wengine wengi walisikia mlio tu, na anayejua kitenzi chetu "zaini" alikutana na maana ya kughilibu, kumpambia mtu jambo mpaka adanganyike. Jina la kampuni huwezi kulibuni upya kwa kila nchi, basi hapo maelezo ya sentensi moja yanafaa.

Maelezo yangu huwa na vitu vitatu: neno linavyosomeka, maana zake mbili, na ipi inamfikia msomaji kwanza. Kwa lile bango niliandika: "Herufi nne zinazosomeka karim au krim, msomaji huona salamu kwanza, kisha rangi humrudisha kwenye bidhaa." Basi, imetosha.

Lakini angalia unapoyaweka. Mimi niliyafupisha katika kisanduku kile kile cha jedwali chenye kaulimbiu, chini yake, kwa mabano. Mchapaji hakujua Kiswahili, akachukua kila kilichomo. Pakiti za kwanza zikatoka na "Wakirimu kwa krimu (karimu, na pia krimu)", na wenye duka wakawa wanauliza mabano yale ni ya nini. Tangu siku ile jedwali langu lina safu nne: maneno ya asili, kaulimbiu ya Kiswahili, maana yake neno kwa neno kwa ajili ya mteja, na maelezo. Safu ya pili pekee ndiyo naipeleka kwa mchapaji, katika faili lake peke yake.