SMS ya malipo iliyofutwa

"Nimefuta SMS ya malipo ya mahindi niliyouza Kibaigwa. Mtandao unaweza kunirudishia? Na programu ya kuhifadhi meseji itasaidia?"

Ndugu, maandishi yenyewe mtandao hautakurudishia, kwa sababu mtambo wake hushikilia ujumbe hadi simu yako iupokee, au muda wake uishe ikiwa simu imezimwa, ambao kwa kawaida ni siku chache tu. Kinachobaki muda mrefu ni kumbukumbu ya nani alimtumia nani na saa ngapi. Programu ya kuhifadhi kama SMS Backup & Restore ni jibu nusu tu: hunakili meseji zilizopo siku unapoiendesha, hivyo kama hukuwahi kuitumia kabla ya kufuta, haina cha kurudisha. Zile zinazodai kufufua meseji zilizofutwa zisikudanganye, maana Android haiziruhusu kusoma mabaki ya faili la meseji bila simu kufunguliwa mfumo wake wa ndani, na nafasi ya ujumbe uliofutwa huweza kuandikwa upya meseji mpya zinapoingia. Kama unatumia Samsung, kwanza angalia pipa la taka ndani ya programu ya Samsung Messages, kama ndiyo unayotumia, kwani hutunza zilizofutwa kwa siku 30.

Kwa malipo yako, nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya simu yako uombe taarifa ya miamala ya tarehe ile. Muamala una kumbukumbu yake tofauti na SMS, na mnunuzi pia huenda bado ana meseji yake yenye namba ileile ya muamala.