Bili ya makadirio imepanda mara tano: soma mita yako kabla ya kwenda ofisini

"Wakuu, naombeni msaada. Siku zote natumia uniti 10 hadi 13 za maji kwa mwezi, mwezi huu imekuja bili ya uniti 58. Pembeni wameandika 'makadirio'. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba anasema nilipe kwanza ndipo nilalamike. Nifanyeje?"

Mkuu, pole. Hili lilinikuta mwaka juzi na lilichukua karibu mwezi mzima kwisha, kwa hiyo nakueleza nilivyopita, pamoja na pale nilipojikwaa.

Kabla hujaenda popote, chukua ankara na tochi uende kwenye mita. Fungua kifuniko, futa kioo. Tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili, yaani mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000. Tarakimu nyekundu au mishale midogo ni vipande vya uniti, na kwenye bili havihesabiwi. Sasa tazama kwenye ankara palipoandikwa "usomaji wa sasa", ulinganishe na zile nyeusi. Jibu la kesi yako lote limekaa hapo.

Kwangu ankara ya Februari ilisema usomaji wa sasa ni 888. Nilipofunua mita tarehe 27 nikakuta 841. Mita hairudi nyuma, kwa hiyo ile 888 haikuwa imesomwa na mtu yeyote. Nikapekua ankara za nyuma nikaona kwamba mara ya mwisho kusomwa kweli ilikuwa tarehe 21 Novemba, ikiwa 803. Desemba na Januari walikuwa wamekadiria uniti 12 kila mwezi, na kwa kuwa ndizo tunazotumia sikushtuka, nikalipa. Februari ndiyo wakaja na uniti 61. Bili ya karibu shilingi 20,000 ikawa zaidi ya 100,000.

Piga hesabu ya siku, maana ofisini inasaidia kuliko kulalamika kwa maneno. Kutoka 803 hadi 841 ni uniti 38, ndani ya siku 98. Gawanya, kisha zidisha kwa 30: uniti 11 na nusu hivi kwa mwezi, yaani matumizi yetu ya kawaida.

Lakini ukikuta mita yako imefika namba ya kwenye ankara au imeipita, usiende na hasira. Huenda walikuwa wanakukadiria chini kwa miezi mingi na sasa deni limekuja kwa mkupuo. Hapo maji uliyatumia kweli. Unachoweza kuomba ni zile uniti zigawanywe kwenye miezi yake, hasa kama bei ya mamlaka yenu hupanda kwa madaraja, kwa sababu zikirundikwa mwezi mmoja zinakusukuma kwenye daraja ghali. Au una uvujaji. Funga bomba zote pamoja na la tangi, halafu angalia kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapita mahali, na choo kinachovuja kimyakimya ndicho cha kwanza kukagua.

Tuseme mita iko chini ya ankara, kama ilivyokuwa kwangu. Piga picha mbili: moja ionyeshe tarakimu, nyingine namba ya mita iliyochongwa kwenye mwili wake, kisha hakikisha namba hiyo ndiyo iliyo kwenye ankara. Kwenye nyumba zenye wapangaji wengi mita hukaa tatu nne kwenye shimo moja, na kubadilishana hutokea.

Kisha andika barua, hata kama dawati la huduma watakwambia inatosha kueleza kwa mdomo. Mimi mara ya kwanza nilieleza kwa mdomo, dada wa dawatini akaandika kwenye daftari, na wiki nzima hakuna aliyekuja. Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja: namba ya akaunti, namba ya mita, usomaji wa kwenye ankara, usomaji wa kwenye mita na tarehe yake. Niliomba mambo matatu: waje wasome mita mimi nikiwepo, warekebishe ankara kwa usomaji huo, na wasikate maji lalamiko likiwa halijaamuliwa. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kwa kuwa umepanga na akaunti ni ya mwenye nyumba, barua isainiwe na yeye, au akuandikie mistari miwili ya kukuruhusu umwakilishe. Bila hiyo watakurudisha.

Kuhusu kulipa kwanza, mimi sikulipa yote wala sikukaa bila kulipa. Nililipa kiasi cha mwezi wa kawaida na kutaja hivyo kwenye barua, ili asije mtu kusema nakwepa bili. Namba ya kumbukumbu ya malipo ikikataa kiasi pungufu, omba dawatini wakutolee nyingine ya kiasi hicho.

Mafundi walikuja siku ya sita baada ya barua, tarehe 5 Machi. Mita ilikuwa imefukiwa na udongo wa mvua, nami nilikuwa nimeshaufukua. Geti letu hushinda limefungwa, na ndiyo sababu wasomaji walikuwa wanakadiria. Tukasoma pamoja: 843. Niliomba fundi aandike namba hiyo na tarehe kwenye fomu yake, tukasaini wote wawili, nikaipiga picha.

Ofisini hesabu ikawa fupi. 843 kutoa 803 ni uniti 40. Nilishalipia 24 za Desemba na Januari, zikabaki 16 badala ya 61. Afisa akanieleza kwamba kadirio lilichukuliwa kwenye wastani wa mwaka uliopita, kipindi ambacho boya la tangi letu lilikuwa limekufa na maji yanamwagika usiku kucha. Ndiyo maana wakikwambia wametumia wastani, uliza ni wa miezi gani.

Hapa ndipo nilipojikwaa. Walirekebisha pesa, lakini kwenye mfumo usomaji ukabaki 888. Mwezi uliofuata msomaji alisoma vizuri tu, 853, mfumo ukaona namba ndogo kuliko ya nyuma, ukaikataa na kukadiria tena. Nikarudi ofisini upya na zile karatasi. Kwa hiyo usiondoke kabla hujaonyeshwa kwamba usomaji wa nyuma umebadilishwa, na ankara inayofuata anza kutazama mstari huo kabla ya kiasi.

Wakikaa kimya au wakikataa bila sababu ya maandishi, lalamiko linapelekwa EWURA, ambao ndio wadhibiti wa huduma za maji Tanzania Bara. Watakuuliza kwanza kama ulianzia kwa mtoa huduma, na nakala yenye muhuri ndiyo jibu. Lipo pia baraza la watumiaji, EWURA CCC, linalomsaidia mteja kuandaa lalamiko.

Leo jioni funua mita, halafu niandikie namba tatu: tarakimu nyeusi, usomaji wa sasa wa kwenye ankara, na usomaji wa mwisho ambao haukuandikwa makadirio. Tutapiga hesabu yako hapa hapa kabla hujaandika barua.