Jibu: Vichwa vya slaidi visivyosema kitu

"Nawasilisha slaidi 9 kwa kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu kuhusu samaki wanaoharibika. Mwenyekiti asema vichwa kama 'Takwimu za Samaki' havisemi kitu. Nivibadilishe vipi?"

Ndugu yangu, mwenyekiti ana haki. Chukua hiyo hiyo slaidi ya takwimu. Itazame grafu yako ujiulize: mtu akiondoka na jambo moja hapa, liwe lipi? Liandike kwa sentensi yenye kitenzi, kwa mfano: "Samaki huharibika zaidi msimu wa kaskazi kwa kukosa barafu."

Hapo sasa ndipo wengi huteleza, na mimi niliteleza katika mfano huo. Grafu ya kilo zinazoharibika kwa mwezi yaonyesha lini samaki wanaharibika, haionyeshi kwa nini. Mvuvi mmoja atauliza, "Barafu iko wapi humo?" na utakwama. Una njia mbili. Punguza dai liwe "Samaki huharibika zaidi msimu wa kaskazi," au ubadilishe grafu iwe na nguzo mbili: siku zilizokuwa na barafu na siku zisizokuwa nayo.

Kichwa kisizidi mistari miwili. Kikizidi, aghlabu una madai mawili, basi gawanya slaidi. Slaidi yako ya "Changamoto" naona inabeba madai matatu.

Mwisho fungua Outline View kwenye PowerPoint, usome vichwa peke yake, kimoja baada ya kingine. Panapokatika hadithi, hapo pana slaidi inayokosekana. Slaidi yako ya ramani ya Shela na Matondoni iache na jina lake tu, haidai kitu.