Saketi ya kutambua namba tasa kwa biti nne: maswali ya wasomaji

Shikamoo mwalimu. Kwenye jedwali langu la ukweli nimeweka 1 katika mstari wa namba moja, mwenzangu ameweka 0. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Tabata)

Marahaba. Mwenzako ndiye aliye sahihi. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, na moja ina kigawo kimoja peke yake. Sifuri nayo haimo, kwa kuwa hugawanyika kwa kila namba nyingine. Kati ya mistari 16, tokeo ni 1 katika mistari sita tu: 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zitazame vizuri 9 na 15, kwa sababu ni witiri na wengi huziingiza kwa haraka ya kuandika.

Jedwali nimeshalimaliza. Nafikaje kwenye saketi bila kutumia milango sita ya NA yenye maingizo manne manne? (Fundi redio, Mbagala)

Tuziite biti A, B, C na D, A ikiwa na thamani ya 8, B ya 4, C ya 2 na D ya 1, na alama ya mkato juu ya herufi iwe na maana kwamba biti hiyo imegeuzwa. Siri yote iko katika kutafuta majirani: mistari miwili yenye tokeo la 1 ambayo inatofautiana kwa biti moja tu. Biti hiyo inayotofautiana haina kazi tena, kwa hiyo unaifuta.

Chukua 2, ambayo ni 0010. Ukibadilisha biti moja moja unapata 10, 6, 0 au 3, na kati ya hizo ni 3 pekee iliyo tasa. Kwa hiyo 2 haina hiari, lazima iungane na 3, nazo zinatoa A'B'C. Vivyo hivyo, jirani pekee wa 11 ni 3, na jirani pekee wa 13 ni 5, hivyo tunapata B'CD na BC'D. Vikundi hivi vitatu ni vya lazima, na yeyote atakayeifanya kazi hii kwa usahihi atakuwa navyo.

Inayobaki bila kufunikwa ni 7 tu, nayo ina majirani wawili, 3 na 5. Ukiiunganisha na 5 unapata A'BD, ukiiunganisha na 3 unapata A'CD, na majibu yote mawili ni sahihi na yana urefu uleule. Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaweza kuleta fomula tofauti na wote wakastahili alama kamili. Mimi nitachukua ya kwanza:

```
F = A'B'C + B'CD + BC'D + A'BD
```

Ukitumia ramani ya Karnaugh utafika hapohapo, mradi safu uzipange 00, 01, 11, 10. Ukizipanga kwa mpangilio wa kuhesabu, yaani 00, 01, 10, 11, visanduku vilivyogusana katikati vitakuwa vinatofautiana kwa biti mbili, na vikundi utakavyochora havitakuwa na maana.

Kwa kujenga, badala ya kununua milango ya NA na ya AU kando kando, tumia milango ya NA iliyogeuzwa katika hatua zote mbili, kwa kuwa matokeo ni yaleyale. Utahitaji 74HC10 mbili kwa vikundi vinne, 74HC20 moja ya kuviunganisha, na 74HC04 moja ya kupata A', B' na C'.

Kwenye notsi za kaka yangu nimekuta F = B'C + BD kwa kazi hiihii. Mbona yake ni fupi hivyo? (Msomaji, Kimara)

Kazi yake haikuwa hiihii. Bila shaka yeye alipewa tarakimu za 0 hadi 9 peke yake, na kwa kuwa 10 hadi 15 haziwezi kufika kwenye saketi ya namna hiyo, mistari yake sita ya mwisho aliruhusiwa kuihesabu kuwa 1 au 0 kadiri ilivyomsaidia kupanua vikundi. Kwako mistari hiyo ni halali na ina majibu yake. Ukiijenga fomula yake, 11 na 13 zitawasha taa ipasavyo, lakini 10 na 15 nazo zitaiwasha.

Taa yangu inawaka vizuri kwenye 11 na 13. Kwenye 2 haiwaki, ila kwenye 4 inawaka. Nimebadilisha chipu zote na hali ni ileile. (Msomaji, Kigamboni)

Zirudishe chipu za mwanzo, hazina kosa. Umeunganisha biti kinyume, swichi ya A ikiwa mahali pa D na ya B mahali pa C. Kwa mpangilio huo 0100 inasomwa 0010, ndiyo maana 4 inapokelewa kama 2. Zile 11 na 13 zimekupoteza kwa sababu 1011 ikigeuzwa ni 1101, kila moja ni kinyume cha mwenzake na zote mbili ni tasa. Kwa uhakika zaidi jaribu 10, 12 na 14: zikiwasha taa zote tatu, huku 3, 5 na 7 zikiwa kimya, basi ni hilo.

Ila kama siku nyingine taa itabadilika unaposogeza mkono tu karibu na waya, tatizo litakuwa ni ingizo lililoachwa likining'inia. Swichi ikiwa wazi, ingizo la chipu za HC halijui kama ni 0 wala 1. Weka rezista ya kiloomu 10 kutoka kila ingizo hadi hasi, na maingizo ya milango usiyoitumia yafunge moja kwa moja kwenye hasi.

Bredibodi yangu ni ndogo. Hakuna njia ya kutumia chipu moja? (Mwanafunzi, Ubungo)

Ipo, na binafsi ndiyo ninayoipenda. Tumia multipleksa 74HC151, ambayo biti zake tatu za kuchagua huamua ni lipi kati ya maingizo manane litakalopelekwa kwenye tokeo. Ukienda Kariakoo taja namba kamili, kwa sababu 74HC153 ina miguu 16 vilevile lakini ni chipu nyingine.

Unganisha A kwenye S2, B kwenye S1 na C kwenye S0, kisha lisome jedwali mistari miwili miwili. Kwa 0 na 1 tokeo ni 0 kwa zote, kwa hiyo I0 iende hasi. Kwa 2 na 3 ni 1 kwa zote, I1 iende chanya. Kwa 4 na 5 ni 0 kisha 1, yaani linafuata D yenyewe, hivyo I2 iunganishwe na D. Ukiendelea hadi mwisho utaona kwamba I3, I5 na I6 nazo zinapokea D, na I4 na I7 zinakwenda hasi. Hakuna kigeuzi hata kimoja.

Tumia umeme wa volti 5, wala usiunganishe betri ya volti 9 moja kwa moja, kwani chipu hizi zimetengenezwa kwa volti 2 hadi 6. Taa ya LED iwekwe kwenye mguu wa 5 kupitia rezista ya kiloomu 1. Taa isipowaka kwa namba yoyote ile, angalia kwanza mguu wa 7: usipokuwa kwenye hasi, chipu inafungwa na tokeo linabaki 0 hata kama waya nyingine zote ziko sawa.