Programu imesasishwa, sasa inaomba ruhusa mpya: maswali ya wasomaji

(Majibu haya yanahusu simu za Android.)

Karibu kila programu niliyo nayo imeniomba ruhusa ya kutuma arifa. Zamani hazikuomba. Kuna nini?

Hapo aliyebadilika ni Android. Kabla ya toleo la 13, lililotoka 2022, programu ilituma arifa bila kukuuliza. Tangu toleo hilo lazima iombe. Basi programu ile ile, yenye kazi ile ile, inaanza kubisha hodi mahali ilipokuwa ikiingia tu. Ukikataa utakosa arifa zake, basi.

Nina programu ya kusoma misimbo ya QR ambayo miaka yote ilitumia kamera peke yake. Baada ya sasisho inataka kujua mahali nilipo na kusoma namba nilizohifadhi. Nikubali?

Kwanza angalia imeomba lini. Kama umeifungua tu, hujagusa kitu, na maombi mawili yakakurukia kwa mpigo, kataa yote. Kama imeomba baada ya wewe kubonyeza kitufe fulani, jiulize kama kitufe hicho kinaweza kufanya kazi bila ruhusa hiyo.

Tuanze na mahali ulipo. Ajabu ni kwamba ombi hili linaweza kuwa na sababu ya kweli. Msimbo wa QR unaweza kubeba jina na nywila ya Wi-Fi, na kwenye Android, programu inayotafuta mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu hulazimika kuwa na ruhusa ya mahali, kwa sababu orodha ya mitandao inayokuzunguka inatosha kuonyesha ulipo. Kwa hiyo ikiuliza pale unaposoma msimbo wa Wi-Fi, inaeleweka: chagua ruhusa ya mara hii tu. Ikiuliza unaposoma msimbo wa tangazo la kawaida, haina hoja.

Namba ulizohifadhi ni habari nyingine. Watengenezaji hudai kwamba wanataka kukuhifadhia namba iliyomo kwenye msimbo. Lakini Android inaruhusu programu kufungua fomu ya kuhifadhi namba ikiwa imeshajazwa, wewe ukabonyeza kuhifadhi, bila programu kuiona hata namba moja ya zile ulizo nazo. Hii nakataa bila kusita.

Si lazima mtengenezaji awe ndiye mwenye tamaa. Programu nyingi za bure zimeunganishwa na vipande vya programu vilivyoandikwa na kampuni za matangazo, na kipande kikija na orodha yake ya ruhusa, orodha hiyo huchanganywa na ya programu wakati wa kuijenga. Mtengenezaji asipokagua, ruhusa hiyo huingia naye hana habari. Kwako wewe matokeo ni yale yale.

Nikikataa, haitagoma kufanya kazi?

Programu iliyoandikwa vizuri itazima kazi ile moja na kuendelea na nyingine. Ndiyo maana nashauri kukataa kwanza: kitakachoharibika ndicho kitakachokuonyesha ruhusa ilikuwa ya nini. Ikiwa programu ya QR inagoma kufunguka kabisa mpaka uipe namba za watu, jibu umeshalipata, itafutie mbadala.

Kuanzia Android 11, ukikataa ruhusa ile ile mara mbili simu huacha kuuliza. Ukija kuihitaji, fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye programu hiyo, kisha sehemu ya ruhusa, uiwashe mwenyewe. Kuhusu mahali, tangu Android 12 unaweza pia kutoa eneo la kukadiria tu. Kwa hali ya hewa linatosha. Kwa ramani ya kukuelekeza njia halitoshi.

Sasisho linaweza kujiongezea ruhusa bila kuniuliza?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ruhusa nyeti zimepangwa kwa makundi. Ukishairuhusu programu kusoma SMS, sasisho likiongeza uwezo wa kutuma SMS, simu inaweza kuutoa bila kukuuliza, maana vyote vimo kundi moja. Kwa hiyo unapoombwa kitu cha SMS, amua kana kwamba umeombwa kundi zima. Ruhusa ya intaneti nayo haiulizwi kabisa, hivyo chukulia kwamba kinachosomwa kwenye simu yako kinaweza kutumwa nje.

Kwa kamera, maikrofoni na mahali, Android 12 na kuendelea ina dashibodi ya faragha ndani ya mipangilio. Huonyesha programu zilizovitumia katika saa 24 zilizopita, na saa ngapi. Ifungue siku moja baada ya sasisho. Ukikuta programu ya QR imewasha maikrofoni usiku wakati umelala, iondoe.